Chuma hakina baridi yake: kwa walimu wa BTP mnaokuja kufundisha joto

Kila msimu wa BTP, yale mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wa ualimu, ukifika hapa kwetu, kuna kipindi ninachojua lazima nitakiona. Mwalimu mgeni, shati limenyooka, andalio la somo limesainiwa, anaandika ubaoni kwamba metali hupitisha joto vizuri na mbao haipitishi vizuri. "Tumeelewana?" Kidato cha Pili kizima kinaitikia. Kengele inalia, watoto wanatoka, na yule aliyeitikia kwa sauti kuliko wote anamwonya mwenzake asikalie benchi la bomba, eti chuma kina baridi yake.

Wadogo zangu, nawapenda. Ila wiki hii nimechoka kusimama dirishani nikiuma kucha, kwa hiyo someni.

1. Mtoto ameshafanya jaribio hili kuwazidi nyinyi.

Tangu akiwa mdogo anashika jembe asubuhi: bapa ni la baridi, mpini hauna baridi. Anajifunika blanketi, anapata joto. Hitimisho lake ni la mtu mwenye akili timamu: chuma kina baridi ya asili, blanketi lina joto la asili. Mkono wake haujawahi kumpa jibu tofauti, sasa sentensi yako ya ubaoni itamshinda vipi? Haishindi. Anaiweka kwenye kabati la mtihani wa NECTA, na ile ya mkono anaendelea kuishi nayo.

Watafiti Posner, Strike, Hewson na Gertzog, mliowasoma chuoni, waliandika mwaka 1982 kwamba mtu huacha wazo la zamani pale linapomkwamisha, na pale ambapo jipya linaeleweka, linaaminika, na linamsaidia kueleza mambo mengine. Ninyi mkifika hapa mnashughulikia kueleweka tu, hayo mengine mmeyaacha kwenye daftari za chuo.

2. Bashiri kwanza, kwa kalamu.

Kabla hamjaonyesha chochote, kila mmoja aandike kitakachotokea na sababu yake. Wakitaka kuandika kwa Kiswahili, waandike. Mkaguzi akija mniite mimi. Na tafadhali, ukipita kati ya madawati usitabasamu ukiona jibu sahihi. Wale watoto wanasoma uso wako kuliko wanavyosoma kitabu.

3. Kipimajoto kitakuaibisha usipokiandaa.

Hapa nitasema langu, kwa sababu nimeona mmoja wenu akielekea huko huko.

Mwaka wangu wa mwanzo kazini niliona njia rahisi ya kumaliza ubishi. Vitu vilivyokaa chumba kimoja kwa muda mrefu huwa na jotoridi moja, basi tuvipime. Nilichukua kipande cha chuma kutoka stoo, nikakiweka mezani karibu na ubao wa mninga, nikagawa vipimajoto viwili. Mmoja akasoma chuma: 24. Mwingine akasoma mbao: 26. Darasa likalipuka. "Si tumesema, mwalimu!"

Nikarudia. Chuma 24 na kidogo, mbao 26. Nilianza kutoka jasho. Dakika zimebaki chache, mwalimu wa taaluma amekaa nyuma na fomu yake ya ukaguzi, na mimi nina ukweli mkononi ambao meza yangu mwenyewe inaukataa. Nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nafumba macho: nikawaambia waandike 25 kwa vyote viwili. "Ni makosa madogo ya vifaa," nikasema.

Waliandika. Hakuna aliyebisha, na hilo ndilo lililouma zaidi baadaye. Kwenye mtihani wa muhula swali likaja, karibu wote wakapata. Nikajipongeza. Muhula uliofuata tukafanya jaribio la pendulamu, na nilipokusanya madaftari, kundi baada ya kundi lilikuwa na namba nzuri mno, namba ambazo saa zetu za pale maabara zisingeweza kuzitoa. Nilimwita kijana mmoja mtaratibu, nikamuuliza amezipata wapi. Akanijibu kwa heshima zote, "Mwalimu, si tunaandika inayotakiwa?" Nikamwambia arudi darasani. Sikuwa na la kusema.

Kosa halikuwa la fizikia. Chuma kilikuwa kimetoka kwenye sakafu ya saruji ya stoo muda si mrefu, mbao ilikuwa upande wa dirisha linalopigwa na jua. Balbu ya kipimajoto iliyolazwa juu ya kitu bapa hugusa sehemu ndogo tu ya kitu hicho, nyingine yote inapima hewa. Mwanafunzi mmoja alishika balbu kwa vidole ili isiteleze. Na vipimajoto vyenyewe havikuwahi kulinganishwa. Vya shule hutofautiana nyuzi moja bila shida. Ningekuwa nimesema "tumepata tofauti, tutafute imetoka wapi," kingekuwa kipindi bora kuliko vyote vya mwaka ule.

Sasa mimi hufanya hivi. Chukua vikombe viwili vinavyofanana, kimoja kijaze misumari midogo, kingine maranda kutoka kwa fundi seremala. Zamisha balbu katikati ya kila kimoja. Viache rafu moja, mbali na dirisha, usiku kucha. Vipimajoto vitie kwanza kwenye maji ya glasi moja uone kama vinakubaliana. Asubuhi watoto waguse misumari, waguse maranda, wabashiri, kisha wasome bila kugusa balbu. Namba zikiwa sawa, watakuambia kipimajoto kibovu. Waache wabadilishane vipimajoto. Hapo hapo ndipo watu wanaanza kunyamaza.

4. Barafu haihitaji kusomwa namba.

Kama vipimajoto havipo, au hata kama vipo, hili ndilo jaribio langu. Sufuria ya alumini iliyopinduliwa, kibao cha chapati, na vipande viwili vya barafu vinavyolingana. Sufuria na kibao vikae mezani tangu asubuhi. Watoto waguse; wote watakubali sufuria ni ya baridi. Kisha uliza: barafu ipi itawahi kuyeyuka?

Wengi wataandika kibao, kwa sababu kina joto, na sufuria "itaitunza" barafu. Hilo ndilo jibu unalolitaka, kwa kuwa sasa wazo lao la baridi ya asili limeweka dau mezani. Weka vipande kwa pamoja. Muda mfupi tu maji yanaonekana chini ya barafu ya kwenye sufuria, inaanza kuteleza, inapungua mbele ya macho yao. Ya kwenye kibao imetulia kama mgeni rasmi.

Usikimbilie kueleza! Visingizio vinakuja: barafu ile ilikuwa ndogo, sufuria ni nyembamba, kibao kimefyonza maji. Hawajawa wakaidi hapo. Watafiti Chinn na Brewer mwaka 1993 walipanga njia saba ambazo mtu hupokea ushahidi unaopingana na wazo lake, na kubadili wazo lenyewe ni moja tu kati ya hizo saba. Kila kisingizio kigeuze jaribio: haya, chagua wewe vipande, weka wewe, leta kifuniko kizito.

Angalieni mtego mmoja. Baada ya barafu kuyeyuka atatokea wa kugusa sufuria na kusema, "Imezidi kuwa ya baridi, si unaona?" Mpokee kwa swali: joto lililoyeyusha barafu limetoka wapi? Likitoka kwenye sufuria, basi sufuria ilikuwa nalo la kutoa, na sasa imepungukiwa. Waache wabishane wao kwa wao hapo, hata dakika kumi. Ndiyo sababu naomba hiki kiwe kipindi cha dabo.

5. Usiwaambie mkono unadanganya.

Wengi wenu ndipo mnapoharibu mwisho kabisa. Ukimwambia mtoto mkono wake ni mwongo, umemnyang'anya kitu anachokiamini bila kumpa kingine. Mwambie mkono unasema kweli, ila unajibu swali tofauti. Ngozi ya vidole iko karibu nyuzi 33, chumba kiko kama 26. Ukigusa chochote pale, joto linatoka kwako. Alumini inalipokea na kulisambaza mbali upesi, inapitisha joto zaidi ya mara elfu kuliko mbao kavu, kwa hiyo ngozi inapoa na wewe unahisi baridi. Mbao inapata joto pale pale ulipogusa tu, halafu inalichukua polepole sana. Mkono unapima joto linakutoka kwa kasi gani.

Wazo hilo lina nguvu kwa sababu linafanya kazi pande zote mbili. Kijiko cha chuma na mwiko vikikaa kwenye uji wa moto, ni kipi kitakachokuunguza mkono? Kama chuma kingekuwa na baridi yake, kingekuwa salama. Mfano wa jembe lililoachwa juani muutumie kama swali tu. Msiupime, maana juani bapa na mpini hazina lazima ya kuwa na jotoridi moja.

6. Blanketi lina kipindi chake.

Usilichanganye siku hiyo hiyo. Kisa kilichoandikwa mwaka 1990 kinaeleza watoto wa darasa la nne huko Massachusetts, Marekani, walioweka vipimajoto ndani ya sweta na kofia wakitarajia vitapanda. Havikupanda. Wakasema hewa ya baridi imeingia, wakafunga vizuri zaidi na kusubiri zaidi. Mwalimu wao hakuwakatisha. Huku kwetu tuna njia ya mkato: mwulize mtoto kwa nini muuza barafu anafunika barafu yake kwa gunia na maranda. Anayeona gunia kama chanzo cha joto atakwama palepale.

7. Rudi baada ya wiki kadhaa.

Jibu la siku ile ile halina maana sana, wanakupendeza tu. Subiri muingie mada nyingine kabisa, kisha siku moja uulize ghafla, bila kutaja sufuria wala barafu: mkeka na sakafu ya saruji chumba kimoja, usiku kucha, kipi kina jotoridi la chini? Usihesabu tiki, soma sababu. "Sawa, kwa sababu saruji inapitisha joto" hilo ni kabati la NECTA, amechukua sentensi bila kuitumia. "Sawa, ila saruji inachukua joto la mguu wangu haraka" huyo amefika. "Saruji, kwa sababu ni ya baridi" mtakuwa nao wachache kila mwaka, na wengine walishajibu vizuri siku ya barafu. Hao muwaite na sufuria yenu mchana, wakati wa mapumziko, na muanze tena na kubashiri.