Ofa ya masharti na isiyo na masharti, vyuo vya Uingereza

"Nimepata ofa ya masharti ya masta Uingereza, mwenzangu kapata isiyo na masharti. Tofauti ni nini, na mimi natakiwa nifanye nini?"

Ndugu, chuo kimesharidhika na vyeti vya mwenzako. Kwake kimebaki kuikubali ofa na, mara nyingi, kulipa amana. Yako inasubiri uthibitisho, kwa hiyo soma barua neno kwa neno. Ikidai alama 6.5 za IELTS, mtihani wa Kiingereza, na kila sehemu isipungue 6.0, kisha ukapata jumla 6.5 lakini kuandika 5.5, sharti halijatimia. Hapo ndipo wengi wanaumia, kwa kuangalia jumla tu. Transkripti ya mwisho nayo ifuatilie chuoni kwako mapema. Masharti yasipotimia hupewi namba ya CAS, yaani uthibitisho wa chuo kwamba kimekupokea, na bila hiyo huwezi kuomba viza ya mwanafunzi.