Wati 50 za karatasi

*Swali la wiki: Je, wauzaji wa sola wanaopita nyumba kwa nyumba wapigwe marufuku?*

Nilipolisoma nilitaka kujibu kwa neno moja: ndiyo. Kisha nikamkumbuka mama mkubwa, pale Kinango, na siku niliyopanda juu ya bati lake na futi ya kushonea.

Vijana wawili walimfikia kwa bodaboda, fulana safi, kitambulisho shingoni. Hawakumtajia bei. Walimuuliza tu mafuta ya taa na kuchaji simu humgharimu ngapi kwa siku. Akahesabu kama shilingi 60. "Basi mama, sisi ni 70, na mwisho taa inabaki yako." Alitoa 3,500 za kuanzia, akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza, na kabla ya magharibi taa nne zilikuwa zinawaka. Siku alizopaswa kulipa ni 600. Hakuna aliyemfanyia hesabu: 42,000, ukijumlisha na zile za mwanzo, 45,500. Mombasa duka la kwanza nililoingia nilipewa seti ya taa nne na paneli kubwa zaidi kwa 17,000 taslimu. Najua mkopo una gharama yake, na kuna wasiolipa. Lakini si mara mbili na nusu.

Lililonipandisha kwenye bati ni taa kufifia saa tatu usiku, hata siku za jua kali. Nyuma ya paneli palibandikwa karatasi yenye jina la kampuni inayojulikana, imekaa upande, na herufi moja ya jina hilo haipo. Kwa maandishi makubwa: 50W. Nikapima: sentimita 51 kwa 35. Hapo ndipo penye siri, na haihitaji fundi. Jua la adhuhuri likipiga sawasawa hushusha kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba. Paneli ile haifiki hata moja ya tano ya mita, kwa hiyo inapokea wati 180 hivi. Seli nzuri za siku hizi hugeuza kama moja ya tano ya hizo kuwa umeme. Ni 36 basi, tena kama kila kitu ni kizuri. Hamsini haziwezi kutoka pale, hata ungeziombea dua.

Mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, alikuwa amenishikia ngazi. Nikamsomea maandishi madogo ya chini: Vmp 18V, Imp 1.11A. Akanyamaza kidogo. "Mjomba, volti mara ampea ndiyo wati. Hiyo ni 20." Aliyeghushi alibadilisha namba kubwa akazisahau ndogo. Fundi alipokuja na mita yake siku ya pili adhuhuri, akaunganisha chanya na hasi, alipata ampea 1.2. Paneli ya kweli ya wati 50 ingempa karibu 3.

Mpaka hapo nilikuwa wa marufuku. Kilichonichanganya ni yaliyofuata. Mama mkubwa alikuwa amelipa siku 400, yaani 31,500, zaidi ya theluthi mbili. Sheria ya Kenya ya ununuzi wa kukodi, Sura 507, inasema ukishafika hapo muuzaji hachukui mali yake bila kwenda mahakamani. Palitokea msiba, akakosa kulipa siku kumi na moja. Hakuna aliyekuja kuchukua chochote. Kisanduku kinachowasha taa kilijifunga chenyewe kikingoja namba za malipo, na nyumba ikarudi kwenye koroboi. Sheria iliandikwa kwa kochi na cherehani, vitu vya kubebwa mlangoni. Kufuli ya mbali haijui theluthi mbili.

Nikamwambia aache kulipa, nikampigie kelele msimamizi wao. Akakataa. "Mwanangu, wewe ulikuja na taa lini?" Sikuwa na jibu. Miaka yote niko Likoni na sijawahi kumpelekea hata tochi. Vijana wale, kwa uongo wao wote, ndio waliofika.

Basi wapite. Nasema hivyo nikiwa na kinyongo bado, na sisemei wabandika karatasi; hao ni wezi, wapelekwe polisi. Ila kijana anayebisha hodi alazimike kuandika kwa Kiswahili, juu ya sahihi, bei ya taslimu na jumla ya malipo, zikae pamoja. Na kufuli iwekewe mpaka uleule wa theluthi mbili. Wakishindwa hayo mawili, narudi nilikoanzia.

Mama mkubwa alimaliza kulipa mwezi uliopita. Namba za mwisho za kufungulia ameziandika kwa mkaa ukutani, kando ya mlango. Taa bado hufifia saa tatu.