VIX ikiwa chini, soko liko salama?

Swali: Niko Kampala, nimejiunga na kundi la mafunzo ya biashara ya mtandaoni kwenye Telegramu. Mwalimu wetu anasema VIX ikiwa chini ya 15 ninunue bila wasiwasi, ikipita 30 niuze haraka. Kwenye simu yangu naiona VIX 75 ikipanda na kushuka hata Jumapili. Niifuate?

Jibu: Usiifuate, ndugu yangu. Hiyo si VIX, kipimo cha hofu katika soko la hisa la Marekani. Jina lake kamili ni Volatility 75, nazo ni namba za kubahatisha zinazotolewa na kompyuta, zikapangwa ziyumbe kwa kiwango kilekile siku zote. Nyuma yake hakuna hisa wala mwekezaji aliyeingiwa na hofu, ndiyo maana haina Jumapili. VIX ya kweli hutoka kwenye soko la Cboe, Chicago, na wikendi haisogei.

Sasa hiyo ya kweli. Huhesabiwa kutokana na bei za opsheni za S&P 500, yaani hisa za makampuni makubwa ya Marekani. Opsheni ni mkataba unaokupa haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa mapema, na hutumika kama bima: watu wakiogopa, huilipia zaidi, na VIX hupanda. Inakuonyesha soko linatarajia bei ziyumbe kiasi gani katika siku 30 zijazo, juu au chini. Upande gani, haisemi.

Kanuni ya mwalimu wako tuipime. Tarehe 19 Februari 2020, S&P 500 ilifunga kwenye kilele chake, na VIX ilikuwa 14.38. Namba hiyo ni ya asilimia kwa mwaka; ukitaka ya mwezi unaigawa kwa 3.46, kipeuo cha pili cha 12. Unapata kama 4.2. Maana yake, bei za opsheni zilikadiria kwamba katika miezi mitatu, takriban miwili soko lisingesogea zaidi ya asilimia 4.2. Ni chini ya 15, kwa hiyo ungenunua. Kufikia 23 Machi soko lilikuwa limeanguka asilimia 34.

Tuseme hukununua siku ile, ila ulikuwa na hisa tayari. VIX ilifunga 82.69 tarehe 16 Machi, baada ya soko kushuka karibu asilimia 12 kwa siku moja. Mwanafunzi mwenye woga angeuza hapo, wiki moja tu kabla ya soko kufika chini kabisa. Agosti mwaka uleule kilele cha Februari kilivukwa. VIX ilipiga kelele nyumba ikiwa inaungua tayari.

Hawa walimu wa Telegramu wananichosha. Wanachukua jina la kipimo halali, wanalibandika kwenye namba za kompyuta, kisha wanakuuzia “signal”, yaani ishara za lini ununue au uuze, kwa ada ya kila mwezi. Hata wangetumia VIX halisi, isingekwambia lolote kuhusu shilingi yetu au hisa za soko la Kampala, maana opsheni zake si za hapa. Anayekuhimiza utume pesa, mwombe akufungulie chati yake Jumapili mchana. Ikiwa inacheza, funga mkoba.