Kianzio si hela ya mzigo wa kwanza

Juzi nimefungua leja ya kijana aliyeanza kazi ya hesabu kwenye karakana yetu ya samani hapa Keko, nikakuta kianzio chote cha oda ya makabati kimeishia kwenye mzigo wa kwanza. Roho iliniuma, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi. Wadogo zangu, nisikilizeni.

1. Kianzio kikiingia si mauzo, ni deni. Kiandikeni kwenye amana za wateja, kitoke kidogo kidogo kadiri mzigo unavyopokelewa.

2. Kigawanyeni kwa awamu zote. Shule moja ilituagiza madawati 300 ya shilingi 80,000 kila moja, jumla 24,000,000. Ilitanguliza asilimia 40, yaani 9,600,000, na mzigo ulikuwa uende mara tatu, madawati 100 kila safari. Safari ya kwanza, yenye thamani ya 8,000,000, niliikata yote kwenye kianzio. Mteja hakudaiwa hata senti, nami nikaamini nimemsaidia.

Wiki mbili baadaye fundi mkuu akaja mezani kwangu: "Dada, hela ya mbao iko wapi?" Haikuwepo. Kianzio kilishanunua paini ya Mafinga na kulipa vibarua wa awamu ya kwanza. Tukakopa mbao, tukapeleka mzigo wa pili. Hapo tulikuwa tumetoa madawati ya 16,000,000 huku tumepokea 9,600,000 tu. Shule ikasema tusubiri ada za muhula. Mafundi watano walikaa bila ujira kwa sababu ya kalamu yangu, na baadhi yao walikuwa na watoto wa kusomesha. Sijasahau nyuso zao.

Ilitakiwa kila ankara ikatwe asilimia 40 ileile: 8,000,000 toa 3,200,000, mteja analipa 4,800,000, na mzigo wa pili hautoki kabla hajalipa. Hivyo siku ya mzigo wa pili tungekuwa tumepokea 14,400,000, na mali iliyo kwao ingezidi hela yao kwa 1,600,000 tu.

3. Mteja akilipa nusunusu, muulizeni ni ya ankara ipi kabla ya kukata risiti. Shule ileile ilipotuma 3,000,000 niliziandika kama kianzio kipya, nikaendelea kuwadai deni zima. Mhasibu wao alikuja na karatasi ya benki mkononi, na alikuwa na haki ya kukasirika.

4. Andikeni ankara kwa idadi iliyosainiwa kwenye hati ya kupokelea, si iliyopakiwa kwenye gari. Kufikia mzigo wa tatu nilikuwa nimesharekebisha ankara za nyuma, kila moja ikatwe asilimia 40, na shule ikakataa madawati manne yenye miguu iliyopinda. Kwa 96 yaliyobaki ankara ilikuwa 7,680,000, ikakatwa kianzio 3,072,000, wakadaiwa 4,608,000. Kianzio cha 128,000 kilibaki kwenye amana hadi tulipopeleka yale manne, ndipo wakamalizia 192,000 nami nikafunga ukurasa wao.