Anayerudisha pato kwenye makutano

"Kwenye mchoro wa matumizi na pato, nani anausukuma uchumi urudi pale mistari inapokatana?"

Ni wenye viwanda, wakitazama ghala zao. Chukua matumizi ya kaya C = 100 + 0.8Y, Y ikiwa pato, na uwekezaji 100. Hiyo 0.8 inasema pato likiongezeka shilingi 100, watu hutumia 80 zaidi. Sasa viwanda vizalishe 1,200: matumizi yote ni 200 + 960, yaani 1,160. Bidhaa za 40 zinalala ghalani, hivyo uzalishaji unapunguzwa. Wakizalisha 900, zinatakiwa za 920. Ghala linapungua na uzalishaji unapanda. Kwenye 1,000 tu, pale mstari wa matumizi yote unapokutana na ule wa pato, ndipo ghala halibadiliki. Mchoro huu unachukulia bei hazisogei, na uwezo wa kuzalisha zaidi upo.