Bibi hawezi kusimama: urefu wake unausoma gotini

Kumpima uzito mgonjwa wa kitandani si shida sana. Mjukuu mwenye nguvu anambeba, wanapanda mzani pamoja, kisha unatoa uzito wa mjukuu. Kazi ipo kwenye urefu. Ukiwauliza ndugu watakwambia "alikuwa mrefu wa wastani", na ukimnyoosha kitandani na kupitisha futi kutoka utosini hadi unyayoni, mgongo uliopinda na magoti yaliyokaza vitakupa namba isiyo na maana. Bila urefu huwezi kujua kama kilo zake zinamtosha.

Nimefanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa majumbani huku Mufindi, na kwa wazee ninaanza na goti, yaani urefu kutoka kisigino hadi juu ya goti. Mifupa ya mguu haifupiki kama uti wa mgongo unavyofupika uzeeni.

Kuna kifaa maalumu chenye taya mbili, ila vijijini hukioni. Mimi nilimwomba seremala Mafinga, ambako mbao za msonobari hazijawahi kuwa tatizo, anitengenezee ubao ulionyooka wenye kipande kimoja kilichokaza chini na kingine kinachoteleza juu. Alivipima kwa guni vikae pembe mraba, akabandika futi ya chuma ubavuni.

Nichukue mfano wa bibi mmoja wa miaka 78, aliyepata kiharusi upande wa kulia. Baada ya kamwene na habari za nyumbani, nilimwambia, "Bibi, samahani, naomba nikushike mguu wa kushoto, nitakufunua mpaka gotini tu." Huku kwetu Juni na Julai mtu anavaa soksi mbili na suruali chini ya kitenge. Soksi zivuliwe, na nguo ipandishwe ikae mbali na sehemu unayopima, kwa sababu kila unene unaingia kwenye hesabu.

Mgonjwa analala chali. Goti linakunjwa pembe mraba, na kifundo cha mguu vilevile, yaani unyayo uwe kama umesimama ukutani. Kipande cha chini kinagusa kisigino, cha juu kinakaa juu ya paja, sentimita kama 5 nyuma ya pia ya goti, na ubao wenyewe unalala sambamba na muundi kwa upande wa nje. Bana kidogo ili nyama isibonyee ovyo, soma, ondoa kifaa, kisha pima upya toka mwanzo. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya nusu sentimita, mara nyingi utakuta unyayo umelegea na kuelekea chini, au goti limefunguka wakati mjukuu anacheka na jirani mlangoni. Mtu wa kushikilia mguu ashikilie mguu.

Kwa bibi nilipata sentimita 47.2 na 47.4, wastani 47.3. Kanuni ninazotumia kwa wenye miaka 60 na zaidi ni za Chumlea na wenzake, za mwaka 1985:

```
Mwanamke: 84.88 - (0.24 x umri) + (1.83 x goti)
Mwanaume: 64.19 - (0.04 x umri) + (2.02 x goti)
```

Umri wake unatoa 18.72, goti linaongeza 86.56, jibu ni sentimita 152.7. Uzito wake ulikuwa kilo 41. Ukigawanya kilo hizo kwa urefu wa mita, 1.53 mara 1.53, unapata 17.5, chini ya 18.5 ambayo ndiyo mpaka wa uzito pungufu kwa mtu mzima.

Sasa, usiiamini hiyo 152.7 kama ya mtu aliyesimama ukutani. Kanuni ilitokana na wazee weupe wa Marekani, na watu wenye asili ya Afrika kwa kawaida wana miguu mirefu zaidi ukilinganisha na kiwiliwili, kwa hiyo inaweza kumrefusha mtu wetu. Ndiyo maana huwa narudia hesabu nikipunguza sentimita 4. Kwa bibi, 149 inatoa 18.5 kasoro kidogo. Hapo yuko mpakani kabisa, hivyo sikuishia kwenye namba. Mkanda wa sketi yake ulikuwa umefungwa kwa pini, na binti yake alisema uji anaacha nusu kikombe. Hapo nikaandika kwamba amepungua na anahitaji kufuatiliwa.

Mikono naitumia pale mguu unapokuwa umevimba, umevunjika au umekatwa. Si lazima upate mikono yote miwili. Mkono usio na shida unanyooshwa pembeni usawa wa bega, kisha unapima kutoka kishimo kilicho chini ya koo, kati ya mitulinga, hadi ncha ya kidole cha kati, na kuzidisha kwa 2 upate makadirio ya urefu. Mkono wa kushoto wa bibi ulikuwa sentimita 79, yaani 158 kwa yote miwili.

Tofauti ya sentimita 5 na goti isikushtue. Mikono haijui kuwa mgongo umepinda. Inakaribia zaidi urefu wa ujanani, na kwa wengi wetu mikono huwa mirefu kuliko kimo, wakati kanuni ya goti imeshakata umri. Kwa hiyo usichanganye: uliyeanza naye kwa goti, mwezi ujao mpime uzito tu na utumie urefu uleule, na kwenye kadi andika "kwa goti, mguu wa kushoto" ili muuguzi atakayefuata asije na namba ya mikono akadhani bibi amekonda ghafla.