Pima mwanzo wa andiko lako la biashara kabla hujalipeleka: shida, dai na ombi

Nilipokuwa meneja wa chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mkoani Tanga, maandiko ya biashara yalifika mezani kwangu kila wakati: ya chakula cha mifugo, dawa, mitambo, bima. Nilikuwa nayasoma asubuhi, baada ya gari la maziwa kuondoka na kabla wajumbe wa bodi hawajaanza kupiga simu. Yaliyo mengi niliyaamua kwenye nusu ya kwanza ya ukurasa, na nina hakika wasomaji wengine wa maandiko hufanya hivyohivyo. Siku hizi vijana wananiletea maandiko yao niyapitie kabla hawajayapeleka kwa wateja, nami siwaulizi kama lugha ni nzuri. Natafuta mambo matatu tu kwenye mwanzo: shida ni ya nani, mwandishi anadai nini, na anaomba uamuzi gani.

Nitumie andiko moja kama mfano. Nimebadilisha tarakimu na maelezo ili mwenyewe asijulikane. Lilikuwa linapelekwa kwa bodi ya chama cha wafugaji, na lilianza hivi:

"YAH: PENDEKEZO LA BIASHARA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni kampuni changa inayokua kwa kasi katika teknolojia ya ubaridi. Sekta ya maziwa nchini inakabiliwa na changamoto ya ukosefu wa miundombinu ya kupozea. Chama chenu hakina tangi la kisasa la kupozea maziwa. Tangi letu la lita 1,000 ni suluhisho la kudumu, na litajilipa lenyewe ndani ya miezi minne. Tunaomba ushirikiano wenu."

Kiswahili hakina kasoro, heshima ipo, na bidhaa yenyewe ni nzuri. Lakini chukua kalamu ufute kila mahali palipotajwa tangi au ubaridi, kisha usome tena sehemu ya shida. Hakuna kilichobaki. Mwandishi ameandika kwamba shida ya chama ni kukosa kile anachokiuza yeye. Kosa hili ndilo ninalokutana nalo kuliko yote, na ni gumu kuonekana kwa sababu sentensi ni ya kweli: chama kweli hakina tangi. Ila mwenyekiti wa bodi akiisoma atajiuliza, "Miaka yote hii tumeishi bila tangi, tumepoteza nini?" Andiko halina jibu.

Jibu lilikuwepo, tena ndani ya vitabu vya chama chenyewe. Wafugaji hukamua mara mbili, asubuhi na jioni, lakini kituo chao kilikuwa kinapokea maziwa ya asubuhi peke yake, kwa sababu gari la kiwanda huja asubuhi. Maziwa yaliyokamuliwa saa kumi jioni yanalala kwenye ndoo nyumbani hadi alfajiri, bila ubaridi. Mengine hunywewa, mengine huuzwa kwa majirani kwa bei yoyote itakayopatikana. Yanayobaki, mfugaji mwenye matumaini huyachanganya na ya asubuhi na kuyaleta kituoni. Hapo mpokeaji anachota kidogo, anatia kiasi hichohicho cha alkoholi, anatikisa, na maziwa yaliyoanza kuchacha yanaganda ukutani mwa bomba la kupimia. Ndoo nzima inarudishwa, pamoja na yale mazuri ya asubuhi. Kwenye daftari la mapokezi kuna safu ya maziwa yaliyokataliwa, na mtu akikaa nalo saa moja ataiona shida kwa lita na kwa majina.

Hiyo ndiyo shida. Unajua umeifikia pale msomaji anapoweza kuihakiki kwenye daftari lake mwenyewe, bila kukuamini wewe. Habari ya "sekta ya maziwa nchini" haimsaidii, kwa kuwa bodi ya kijijini hailipi hasara ya sekta. Mwandishi wetu alirudi kituoni, akaomba kuliona daftari, akazungumza na wafugaji, akapata makisio haya: kituo kinapokea wastani wa lita 640 kila asubuhi, na kila jioni wanachama wanabaki na takriban lita 200 zisizo na soko la kueleweka.

Tuje kwenye dai. Dai kuu ni ile sentensi moja ambayo ikithibitika kuwa si kweli, andiko lote linaanguka. "Suluhisho la kudumu" haliwezi kuwa dai, maana hakuna awezaye kulikanusha. Weka jina la mshindani wako hapo na sentensi itabaki ilivyo. "Litajilipa ndani ya miezi minne" ni dai kamili, kwani linaweza kupimwa. Basi tulipime.

Tangi lilikuwa la shilingi 24,000,000. Lita 200 kwa siku 30 ni lita 6,000 kwa mwezi. Kiwanda kinanunua kwa shilingi 1,000 kwa lita, kwa hiyo ni shilingi 6,000,000 kwa mwezi, na ukigawa milioni 24 kwa milioni 6 unapata miezi minne. Hesabu imenyooka. Tatizo ni kwamba fedha hizo si za chama. Katika kila shilingi 1,000, mfugaji analipwa 850 na chama kinabaki na 150. Chama kinapata 900,000 kwa mwezi, na humo kinatakiwa kilipe umeme, mafuta ya jenereta siku umeme ukikatika, na mpokeaji wa zamu ya jioni. Tulikadiria gharama hizo kuwa 500,000. Zinabaki 400,000. Ukigawa milioni 24 kwa 400,000 ni miezi 60, yaani miaka mitano, hata kabla ya riba.

Mhasibu wa chama angeligundua hilo kabla chai haijapoa, na baada ya hapo hakuna ambacho angekiamini kwenye kurasa zilizofuata. Ndiyo maana nikiona dai lenye fedha, swali langu la kwanza ni fedha hizo zinaingia mfuko wa nani. Kwenye ushirika mifuko ni miwili, wa chama na wa mwanachama, na wauzaji wengi huichanganya bila nia mbaya.

Kijana alinyong'onyea alipoona miaka mitano. Mimi niliona dai limepata nguvu. Wajumbe wa bodi ni wafugaji. Kwa hesabu ileile, wanachama wote kwa pamoja wangeongeza shilingi 5,100,000 kwa mwezi kwa maziwa ambayo leo hayana pa kwenda. Hiyo ndiyo sentensi ambayo mjumbe atarudi nayo nyumbani. Tena inafungua mjadala wa maana: je, wanachama watakubali kulipwa 800 kwa lita ya jioni badala ya 850? Wakikubali, chama kinabaki na 700,000 kwa mwezi baada ya gharama, na tangi linajilipa kwa takriban miaka mitatu. Dai linalowapa watu jambo la kubishania kwa tarakimu zao wenyewe linafika mbali kuliko lile la kuwafurahisha.

Bado dai lina mpaka wake, na ni heri utajwe mwanzoni badala ya kufichwa ukurasa wa tisa. Kiangazi majani yakikauka maziwa hupungua, na ya jioni hupungua hadi mfugaji asione sababu ya kuyaleta. Lita 200 zilikuwa makisio ya msimu mzuri. Zikishuka hadi 120, mgawo wa 150 unakipa chama 540,000 kwa mwezi, ambazo zinazidi gharama kwa 40,000 tu. Mwandishi asiyelijua hilo atakuwa anabahatisha.

Sasa ombi, mahali ambapo maandiko mengi mazuri hufia. "Tunaomba ushirikiano wenu" haliombi kitu. Bodi itajibu "tumepokea, tutawasiliana", na itakuwa imejibu sawasawa na ilivyoulizwa. Kijana alipotaka kulirekebisha aliandika, "Tunaomba bodi iidhinishe ununuzi wa tangi." Hilo lina kitu, lakini amemwomba asiye na mamlaka. Kwenye ushirika wetu, chama hakikopi zaidi ya ukomo wa madeni, na ukomo huo hupitishwa na mkutano mkuu wa wanachama kisha huidhinishwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Bodi ikiletewa ombi la milioni 24 ambazo chama hakina, hata ikiwa imeridhika itakuwa haina la kufanya isipokuwa kuliweka kando.

Kwa hiyo uliza: huyu ninayemwandikia, kesho asubuhi, kwa sahihi yake mwenyewe, anaweza kuamua nini? Bodi ingeweza kuruhusu upimaji. Ingeweza pia kupeleka ajenda kwenye mkutano mkuu. Ombi likapunguzwa likawa hayo mawili, na mwanzo mzima ukaandikwa upya hivi:

"YAH: OMBI LA KUPIMA MAZIWA YA JIONI KWA SIKU 14 KITUONI KWENU. Kwa makisio tuliyoyapata kwenye daftari lenu na kwa wafugaji wenu, kila jioni wanachama hubaki na takriban lita 200 zisizo na soko, na baadhi huharibu maziwa ya asubuhi yanapochanganywa. Tangi la lita 1,000 likiwekwa, wanachama wanaweza kuongeza shilingi 4,800,000 hadi 5,100,000 kwa mwezi katika msimu wa maziwa mengi, na mgawo wa chama ukalipa tangi kwa miaka mitatu hadi mitano kama kiasi hicho kitadumu. Kiangazi kitapunguza mapato haya, na hesabu yake ipo ukurasa wa pili. Tunaomba bodi, katika kikao chake kijacho, ituruhusu kupokea, kupima na kurekodi maziwa ya jioni kwa siku 14 kwa gharama zetu. Yakizidi lita 180 kwa wastani, tunaomba ajenda ya tangi ipelekwe kwenye mkutano mkuu."

Angalia jinsi sehemu tatu zinavyotumia kipimo kimoja. Shida ni lita za jioni, dai limejengwa juu ya lita hizohizo, na ombi ni kwenda kuzihesabu. Katika andiko la kwanza shida ilikuwa miundombinu, dai lilikuwa miezi, na ombi lilikuwa ushirikiano, mambo matatu yasiyojuana. Ukiona kipimo kinabadilika kutoka sehemu moja kwenda nyingine, rudi kwenye shida uanzie hapo.

Jambo hili lina mahali lisipofaa. Ukijibu zabuni ya umma, inayopita kwenye mfumo wa NeST, mnunuzi ameshaandika shida na ameshasema anataka nini. Fuata fomu yake. Na mwanzo ukifaulu, biashara bado haijathibitika: siku 14 zingeweza kuleta lita 90 kwa jioni, na hapo mwandishi atatakiwa kukubali kwamba chama hicho hakihitaji tangi lake.

Kabla hujapeleka, mpe ukurasa wa kwanza mtu asiyeijua biashara yako, shemeji au jirani, ausome kwa dakika moja, kisha mnyang'anye. Muulize nani ana shida gani, wewe unadai nini, na unataka msomaji afanye nini. Akikwama kwenye swali la tatu, au akikujibu kwamba unataka "kushirikiana nao", usiupeleke leo.